Ubatizo wa Yordani na Mizani ya Wanahistoria

Injili ya Marko inasimulia ubatizo wa Yesu kwa mistari mitatu tu. Yesu anatoka Nazareti ya Galilaya, anafika mto Yordani, anabatizwa na Yohana. Anapopanda kutoka majini mbingu zinapasuka, Roho anashuka mfano wa njiwa, na sauti inasikika kutoka juu. Marko haelezi kwa nini Yesu alibatizwa, wala haonyeshi kwamba kuna jambo la kuelezwa, ingawa muda mfupi kabla ya hapo ameshasema kuwa ubatizo wa Yohana ulikuwa wa toba, kwa ajili ya ondoleo la dhambi.

Ukifungua Mathayo utakuta kisa kilekile kimeongezewa mazungumzo. Yohana anataka kumzuia Yesu, akisema yeye ndiye anayestahili kubatizwa naye, na Yesu anamwambia akubali kwa sasa ili haki yote itimizwe. Luka anafuata njia nyingine: anamaliza kwanza habari za Yohana mpaka alipotiwa gerezani na Herode, ndipo anaeleza kwamba Yesu naye alikuwa amebatizwa, bila kutaja nani alimbatiza. Katika Injili ya Yohana, Mbatizaji anashuhudia kwamba alimwona Roho akishuka juu ya Yesu, lakini hakuna mahali panaposema kwamba alimbatiza. Na katika Injili moja ya kale isiyoingia katika Biblia, ambayo Yeronimo aliitaja mwanzoni mwa karne ya 5, mama yake na ndugu zake ndio wanaomwalika waende wote kwa Yohana, naye anawauliza ni dhambi gani aliyoitenda hata abatizwe.

Tofauti hizi wahubiri wamezijua siku zote. Wanahistoria wa nyakati zetu walizichukua kama ushahidi, wakaziingiza katika utaratibu wa kupima habari za Yesu unaoitwa vigezo vya uhalisi. Ukisikia kwenye redio au ukisoma kwamba wataalamu wamethibitisha Yesu alisema neno hili na hakusema lile, mara nyingi vigezo hivyo ndivyo vilivyotumika. Kwa hiyo inafaa kujua vinafanyaje kazi na vinashindwa wapi. Nimechagua kuvipima kwa tukio hili moja la Yordani, kwa kuwa ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa ushindi wao mkubwa.

Haja ya vigezo ilitoka wapi

Safari ya kumtafuta Yesu wa historia huanzia kwa Hermann Samuel Reimarus, mwalimu wa lugha za Mashariki mjini Hamburg, aliyefariki mwaka 1768 akiwa ameficha maandishi yake makali dhidi ya mafundisho ya kanisa. Gotthold Lessing alichapisha sehemu za maandishi hayo kati ya 1774 na 1778 bila kumtaja mwandishi. Reimarus alitenganisha mambo mawili ambayo kabla yake hayakuwa yakitenganishwa sana: yale Yesu aliyoyakusudia mwenyewe, na yale ambayo wanafunzi wake waliyahubiri baada yake. Mwaka 1835 David Friedrich Strauss, kijana wa miaka 27, alitoa kitabu juu ya maisha ya Yesu kilichodai kwamba sehemu kubwa ya masimulizi ya Injili ni imani iliyovikwa umbo la kisa. Kitabu hicho kilimgharimu kazi yake Tübingen.

Karne ya 19 ilizaa vitabu vingi vya maisha ya Yesu. Mwaka 1906 Albert Schweitzer, ambaye miaka saba baadaye alikwenda Lambaréné, Gaboni, kufanya kazi ya udaktari, alivikagua kimoja kimoja na kuonyesha kwamba kila mwandishi alimchora Yesu anayefanana na mawazo ya zama zake na ya moyo wake mwenyewe. Aliyependa maadili alimwona mwalimu wa maadili, na aliyependa mageuzi alimwona mwanamageuzi.

Baada ya hapo Rudolf Bultmann na wenzake Ujerumani waligeukia vipande vidogo vidogo vya habari zilizomo katika Injili: mfano huu, mjadala ule, muujiza ule. Walisema kila kipande kilipita katika mahubiri, mabishano na ibada ya kanisa la kwanza kabla hakijaandikwa. Ikiwa ni hivyo, mtu atajuaje lipi ni la Yesu na lipi lilizaliwa kanisani? Mwanafunzi wa Bultmann, Ernst Käsemann, aliliibua swali hilo upya katika mhadhara wake wa Oktoba 1953, akisema haifai kukata tamaa kabisa, kwa kuwa kuna mahali ambapo tunaweza kusimama kwa uhakika. Kuanzia hapo vigezo vilikusanywa, vikapewa majina na kuwekwa katika orodha.

Msomaji aliyepitia elimu ya Hadithi ataona mara moja kinachokosekana. Hadithi huja na isnadi, yaani mlolongo wa majina: fulani kamsikia fulani, naye kamsikia fulani. Mwanazuoni huweza kuwachunguza wapokezi hao, uaminifu wao, kumbukumbu zao, na kama kweli walikutana. Injili hazina mlolongo wa namna hiyo. Luka anasema katika utangulizi wake kwamba alifuatilia mambo kwa uangalifu na kwamba wako walioyaona kwa macho, lakini hatuambii kisa kipi alikipata kwa nani. Wapimaji wa Injili hawana wapokezi wa kuwahoji, wamebaki na matini peke yake. Vigezo ni jaribio la kuifanya matini yenyewe itoe ushahidi ambao isnadi ingeutoa, na hapo ndipo shida zake nyingi zinapoanzia.

Kigezo cha aibu

John Meier, padri Mkatoliki wa Marekani, alianza mwaka 1991 kutoa kazi kubwa juu ya Yesu iliyofikia majuzuu matano kabla hajafariki mwaka 2022. Alipanga vigezo vitano vikuu, na cha kwanza ni cha aibu. Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Kanisa halingejitungia habari inayolitia aibu au inayowapa wapinzani silaha. Habari ya namna hiyo ikionekana katika Injili, basi imo kwa sababu ilitokea kweli na ilijulikana mno kiasi cha kutofichika.

Ubatizo ndio mfano wake mkuu. Yule ambaye kanisa linamwita Mwana wa Mungu asiye na dhambi anaingia majini kwa ubatizo wa ondoleo la dhambi, tena mikononi mwa mtu anayeonekana kuwa mkubwa wake. Zaidi ya hapo, Yohana alikuwa na wafuasi wake walioendelea hata baada ya kifo chake: Matendo ya Mitume inataja watu huko Efeso waliokuwa wakiujua ubatizo wa Yohana tu. Ni nani angetunga kisa kinachowapa watu hao nafasi ya kusema kwamba bwana wao alimtangulia Yesu? Mathayo anaongeza mazungumzo, Luka anamwondoa Yohana jukwaani, Injili ya nne inanyamaza. Kila mmoja, kwa maelezo ya Meier, anahangaika na jambo lilelile. Kwa hiyo ubatizo ulitokea.

Hoja hii ina nguvu, na mimi sikatai hitimisho lake. Lakini itazame kwa karibu uone mashaka yako wapi. Wanaohangaika ni Mathayo, Luka na Injili ya nne. Marko, ambaye wataalamu wengi wanaona ndiye wa kwanza kuandika, karibu na mwaka 70, hahangaiki hata kidogo. Anakiweka kisa mlangoni mwa kitabu chake. Kwake, hapa ndipo mbingu zinapopasuka na Mungu anapomtambulisha Mwanawe. Kigezo kinasema mwandishi asingeandika jambo hili kwa hiari yake, ilhali mwandishi wa kwanza tuliye naye ameliandika kwa hiari na kulijengea Injili yake yote.

Aibu, kumbe, haimo ndani ya tukio kama rangi ndani ya kitambaa. Inategemea nani anasoma, lini, na ana hoja gani mkononi. Jambo lisilomsumbua mtu mwaka 70 laweza kumsumbua mwenzake miaka kumi au ishirini baadaye, pale watu walipokuwa wameanza kuuliza maswali mapya juu ya kutokuwa na dhambi kwa Yesu. Na kinyume chake hutokea pia. Kusulubiwa kulikuwa fedheha kubwa katika dola la Kirumi, lakini Paulo, aliyeandika kabla ya Marko, anasema waziwazi kwamba anajivunia msalaba. Jambo la fedheha lilikwisha kuwa kiini cha mahubiri ndani ya miaka ishirini na kitu.

Rafael Rodríguez, katika sura aliyoiandika mwaka 2012, aliibana hoja hii zaidi. Ili useme jambo fulani lililiaibisha kanisa, lazima kwanza ujue kanisa hilo liliamini nini, mahali gani, wakati gani. Ujuzi huo tunaupata zaidi kutoka katika maandiko yaleyale tunayotaka kuyapima. Na kama kila mwandishi aliweza kurekebisha, kukata na kunyamaza, kama tulivyoona, kwa nini tuamini kwamba kuna habari ambazo hawakuweza kuziacha kabisa? Injili ya nne ilinyamaza kuhusu ubatizo wenyewe. Basi kunyamaza kuliwezekana.

Mashahidi wanne au mmoja?

Kigezo kingine ni cha ushahidi wa vyanzo vingi: habari inayotoka katika vyanzo kadhaa visivyotegemeana ina uzito kuliko ya chanzo kimoja. Hakimu yeyote atakubali kanuni hiyo. Ugumu uko katika maneno mawili, visivyotegemeana.

Ubatizo unaonekana kuwa na Injili tatu zinazousimulia na ya nne inayoukaribia. Lakini wataalamu walio wengi wanakubali kwamba Mathayo na Luka waliandika wakiwa na Marko mbele yao, kwa sababu mara nyingi wanafuata mpangilio wake na maneno yake ya Kigiriki karibu neno kwa neno. Kwa hiyo pale wanapomrudia Marko hawahesabiwi kuwa mashahidi wapya. Tatu zinakuwa moja.

Wanaotaka kuongeza idadi hutaja chanzo kiitwacho Q. Hiki ni mkusanyiko wa maneno ya Yesu unaokisiwa kuwa ulitumiwa na Mathayo na Luka katika yale wanayofanana bila Marko. Hakuna nakala ya Q iliyowahi kupatikana, na hata wanaoiamini hawakubaliani kama ilikuwa na kisa cha ubatizo. Mark Goodacre ameandika kwa miaka mingi kwamba Q haikuwepo kabisa, kwamba Luka alimsoma Mathayo mwenyewe. Akiwa na haki, basi hesabu nyingi zilizowahi kufanywa kwa kigezo hiki zinapungua kwa mpigo mmoja. Injili ya nne nayo ina mjadala wake: wako wanaosema mwandishi wake alimjua Marko, na wako wanaosema alijitegemea. Idadi ya mashahidi wa ubatizo, basi, inatoka mmoja hadi watatu kutegemea nadharia uliyoichagua kabla hujaanza kuhesabu.

Nje ya Biblia tuna Yosefo, mwanahistoria Myahudi aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha historia ya Wayahudi mwaka 93 au 94. Anamtaja Yohana Mbatizaji kuwa mtu mwema aliyewahimiza Wayahudi kutenda haki na kuja kubatizwa, na anasema Herode alimwua katika ngome ya Makero kwa kuogopa uasi. Huo ni ushahidi mzuri kwamba Yohana alikuwepo na alivuta umati. Lakini Yosefo hasemi kwamba Yesu alibatizwa naye. Mara nyingi mambo hayo mawili huchanganywa.

Wanazuoni wa Hadithi walikwisha kulitambua tatizo hili zamani. Hadithi maarufu juu ya nia, inayofungua mkusanyiko wa Bukhari, imeenea kwa njia nyingi mno, lakini njia hizo zote zinakutana kwa mpokezi mmoja, Yahya bin Said, na kutoka kwake kurudi nyuma hadi kwa Umar ni uzi mmoja tu. Wingi uliokuja baada ya Yahya hauongezi idadi ya waliokuwa kabla yake. Wanazuoni wanaihesabu hadithi hiyo kuwa sahihi kwa sababu wanawaamini wapokezi wa uzi huo, ambao majina yao wanayo. Mpimaji wa Injili akifika kwenye uzi mmoja hana majina ya kuyachunguza. Na hata vyanzo vikiwa vitatu kweli, kinachothibitika ni kwamba habari ni ya zamani kuliko vyote vitatu. Habari ya zamani bado yaweza kuwa na makosa.

Kigezo kinachoukataa ubatizo

Kigezo kingine tena ndicho kilichotokana na mhadhara wa Käsemann, na ndicho kilichotawala kwa muda mrefu kuliko vingine. Kinaitwa kigezo cha utofauti. Neno la Yesu lina hakika zaidi pale lisipofanana na dini ya Kiyahudi ya wakati wake wala na kanisa lililokuja baada yake. Kama halikutoka kwa Wayahudi na halikutungwa na Wakristo, limetoka kwa nani ila kwake mwenyewe?

Peleka ubatizo wa Yordani kwenye mizani hii. Je, kuoga kwa ajili ya toba na utakaso kulikuwa kugeni kwa Wayahudi? Hapana. Je, ubatizo ulikuwa mgeni kwa kanisa? Hapana kabisa, kanisa lilibatiza tangu siku zake za mwanzo, na lilikuwa na kila sababu ya kusimulia kwamba Bwana wake naye alibatizwa. Tukio linafanana na pande zote mbili, kwa hiyo linaanguka. Tukio lilelile lililotangazwa na kigezo cha aibu kuwa la hakika kabisa, kigezo cha utofauti hakiwezi kulipitisha. Orodha haituambii tufuate kipi. Mtafiti ndiye anayechagua, na mara nyingi anachagua kigezo kinachompa jibu ambalo tayari alikuwa akilielekea.

Tatizo hili lilielezwa vizuri kuliko kwingine kote katika makala fupi ya mwaka 1972 ya Morna Hooker, mwanazuoni Mwingereza ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha uprofesa cha Lady Margaret huko Cambridge. Alichosema ni kwamba wenzake walikuwa wakitumia zana isiyofaa kwa kazi waliyoikusudia. Kigezo cha utofauti, alieleza, hata kikifanya kazi barabara, kinatoa yale ambayo Yesu alikuwa nayo peke yake. Mtafiti anatafuta yale yaliyokuwa tabia yake na kiini cha ujumbe wake, na hayo ni mambo mawili tofauti. Myahudi aliyelelewa na Wayahudi, akasali nao na kubishana nao juu ya Torati, lazima mengi aliyoyathamini waliyathamini wao pia. Na mwalimu aliyeacha wanafunzi lazima mengi aliyoyafundisha yaliendelea kwao. Ukifuta yote hayo, unabaki na mtu asiye na watu wala wanafunzi, mtu ambaye hawezi kuwa aliishi.

Hooker aliongeza jambo la pili. Ili kusema neno fulani halifanani na Uyahudi wa karne ya kwanza, unahitaji kuujua Uyahudi huo wote, na tunaujua kwa vipande tu. Miongo miwili baadaye ulipatikana mfano unaomuunga mkono. Katika Mathayo na Luka, Yohana akiwa gerezani anatuma watu kumuuliza Yesu kama ndiye ajaye, na Yesu anajibu kwa kutaja vipofu wanaoona, wafu wanaofufuliwa na maskini wanaohubiriwa habari njema. Sehemu nyingi za jibu hilo zinatoka kwa nabii Isaya, lakini aya za Isaya zinazoorodhesha vipofu na maskini hazitaji pamoja nao kufufuliwa kwa wafu. Mtu angeweza kusema muunganiko huo ni wa Yesu peke yake. Kisha mwaka 1992 kilichapishwa kipande kimoja cha magombo ya Bahari ya Chumvi chenye namba 4Q521, kilichoandikwa kwa Kiebrania kabla ya Yesu kuzaliwa, na ndani yake yamo vipofu, wafu na maskini pamoja, katika habari za siku za Masihi. Upekee uliodhaniwa ulikuwa pengo katika ujuzi wetu.

Kuna hatari kubwa zaidi ambayo sitaki kuipita, kwa kuwa si ya darasani tu. Kumtenga Yesu na Wayahudi kuliwahi kuwa siasa. Mwaka 1939 wanatheolojia wa Ujerumani waliokuwa upande wa Hitler walifungua taasisi mjini Eisenach kwa kusudi la kuondoa athari za Kiyahudi katika maisha ya kanisa, na mkurugenzi wake wa kitaaluma, Walter Grundmann, aliandika kwamba kuna uwezekano mkubwa Yesu hakuwa Myahudi kwa asili. Käsemann hakuwa mtu wa kundi hilo. Yeye mwenyewe alitiwa ndani na polisi wa Hitler mwaka 1937. Lakini kigezo alichokiacha, kinachomwona Yesu kuwa Yesu zaidi kadiri anavyokuwa Myahudi kidogo, kiliendelea kutumiwa kwa uaminifu na watu ambao wangeyachukia mawazo ya Grundmann. Zana yaweza kubeba upendeleo ambao anayeitumia hana habari nao.

Kura hazikutatua

Wako waliotarajia kwamba vigezo vikitumiwa na watu wengi kwa pamoja, upendeleo wa mmoja utasahihishwa na mwingine. Mwaka 1985 Robert Funk alianzisha Marekani Semina ya Yesu. Washiriki walijadili maneno ya Yesu moja moja, kisha kila mtu akatia kwenye sanduku ushanga wa rangi: nyekundu kwa neno la Yesu hasa, waridi kwa linalokaribia, kijivu kwa lenye mashaka, nyeusi kwa lisilo lake. Rangi zilipewa alama kuanzia tatu hadi sifuri na wastani ukakokotolewa. Kitabu chao cha mwaka 1993 kilisema karibu asilimia 18 tu ya maneno yaliyonasibishwa kwa Yesu ndiyo aliyoyasema kwa kadiri fulani.

Namba hiyo ilienea magazetini, na bado hutajwa. Lakini angalia imetengenezwaje. Neno lililokosa ushahidi wa kutosha liliingia katika kapu moja na neno lililodhaniwa kuwa la kutungwa, na yote yakasomwa na umma kuwa Yesu hakuyasema. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote katika matumizi ya vigezo. Neno likifaulu, limepata uzito. Likianguka, hatujajifunza kitu isipokuwa kwamba kipimo hakikuweza kulifikia. Mambo mengi ya kawaida ambayo Yesu lazima aliyasema, kama vile kuwahimiza watu kumpenda Mungu na kusali, yataanguka daima kwa sababu kila Myahudi na kila Mkristo aliyasema pia.

Kinachobaki

Mwaka 1997 Gerd Theissen na Dagmar Winter walipendekeza kuacha utofauti na kuuliza juu ya uwezekano wa kihistoria: je, jambo hili linaeleweka kwa Myahudi wa Galilaya wa wakati ule, na je, linasaidia kueleza yaliyotokea baada yake? Mwaka 2012 Chris Keith na Anthony Le Donne walihariri kitabu, kile chenye sura ya Rodríguez, ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba enzi ya kusaka uhalisi imekwisha. Hoja kuu ya Keith ilikuwa kwamba vigezo vilijengwa juu ya wazo lisilo sahihi: kwamba Injili zina punje safi za Yesu zilizochanganyika na maganda ya kanisa, na kwamba ukipepeta vizuri utabaki na punje. Kumbukumbu za watu hazikai hivyo. Kila kumbukumbu tangu mwanzo imeshabeba maana aliyoipa mwenye kukumbuka, na hakuna kipande kilichobaki bila kuguswa. Dale Allison, aliyewahi kuvitumia vigezo kisha akavikata tamaa, alionyesha mwaka 2010 kwamba binadamu hukumbuka sura ya jumla vizuri kuliko maneno kamili. Kwa hiyo mambo yanayojirudia katika vyanzo vya kila aina ndiyo ya kuanzia, kabla ya kubishania mstari mmoja.

Sasa urejee Yordani bila vigezo uone kama tukio linaporomoka. Haliporomoki, ila linasimama juu ya msingi mwingine. Jambo linalohitaji kuelezwa ni mwenendo wa maandiko yote kwa pamoja: Marko anasimulia bila shida, waliomfuata wanarekebisha, wa nne anazunguka, na ile Injili ya nje ya Biblia inauliza waziwazi kuhusu dhambi. Wakati huohuo kila Injili inaanza habari za kazi ya Yesu kwa Yohana, na Yesu anazungumza juu ya Yohana kwa heshima kubwa. Maelezo yanayobeba yote haya kwa wepesi ni kwamba Yesu kweli alikwenda kwa Yohana na kuupokea ubatizo wake, na kwamba jambo hilo lilijulikana kwa wengi kiasi kwamba waliofuata walilazimika kulishughulikia. Mtu anayedai Marko alilitunga lazima aeleze kwa nini wengine walijitaabisha kulitengeneza badala ya kuliacha, na maelezo hayo yanawezekana lakini ni marefu zaidi.

Hii inafanana na kigezo cha aibu, lakini haidai kitu kilekile. Kigezo kilidai kwamba mwandishi aliona haya, kwa hiyo tukio ni la kweli. Hoja hii haihitaji kujua moyo wa Marko. Inalinganisha maelezo mawili na kuuliza lipi linatosheleza maandiko yaliyopo. Nayo ina mipaka yake. Inatupa Yesu na Yohana mtoni. Haitupi sauti kutoka mbinguni, wala haiikanushi, kwa kuwa hakuna namna ya kulinganisha maandiko itakayopima kama Mungu alisema. Wala haituambii Yesu aliuelewaje ubatizo ule alipoingia majini, jambo ambalo Wakristo wangependa kulijua kuliko yote na ambalo hakuna chanzo chochote kinachosema kwa kinywa chake.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba sayansi imethibitisha tukio fulani la Injili kwa sababu lingeliaibisha kanisa, na anayekuambia kwamba sayansi imelifuta neno fulani kwa sababu linafanana na mafundisho ya kanisa, wote wawili wanategemea zana moja yenye kasoro moja. Waulize swali lilelile: vyanzo vyote tulivyo navyo vingekuwaje kama unayosema ni kweli, na vingekuwaje kama si kweli? Kwa ubatizo wa Yordani swali hilo lina jibu zuri. Kwa maneno mengi ya Injili, moja moja, halina, na mwanahistoria mwaminifu ataishia hapo badala ya kuongeza ushanga mwingine kwenye sanduku.